Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Thamani ya Bidhaa Zilizobaki Dukani

Ndugu wanachama,

Nawasalimu kwa heshima. Shughuli za kawaida za mwaka mnazifahamu, nitazipitia kwa haraka. Duka letu la jumla liliendelea kuuza sukari, unga na mafuta. Paa la stoo lilizibwa, mizani ikahakikiwa, na kamati ilikutana mara 11. Misiba mitano tulishiriki kama ilivyo desturi yetu. Hayo yalikwenda vizuri, nami sikukosa kikao hata kimoja.

Jambo ninalopaswa kulieleza kwa kirefu ni zile sh. 350,000 za mwezi Machi. Maneno yalisemwa mengi, mengine mbele ya watoto wetu, kwamba kamati imezila. Mlioona karatasi mbili za hesabu, moja ikionyesha faida ghafi ya sh. 1,700,000 na nyingine sh. 1,350,000, mlikuwa na haki ya kuuliza. Ila hakuna mtu aliyegusa hata shilingi. Karatasi zote mbili zilikuwa sahihi, kila moja kwa njia yake.

Tuchukue sukari peke yake. Machi tulianza na mifuko 40 tuliyoinunua kwa sh. 130,000 kila mmoja. Tarehe 9 tukaingiza mifuko 60 kwa sh. 140,000, na tarehe 22 mifuko 100 kwa sh. 150,000, nauli ya lori ikiwa ndani. Jumla ni mifuko 200 iliyotugharimu sh. 28,600,000. Tuliuza 150 kwa sh. 22,800,000, na jioni ya tarehe 31 tukahesabu stoo tukakuta 50. Mpaka hapo hakuna mzozo. Swali ni moja: ile mifuko 50 iandikwe kwa bei gani?

Njia ya zamani, yaani kilichoingia kwanza hutoka kwanza, inachukulia kuwa mifuko ya bei ya chini imeshaondoka. Iliyobaki ni ya ankara ya mwisho, kwa hiyo 50 kwa sh. 150,000 ni sh. 7,500,000. Njia ya wastani inagawa sh. 28,600,000 kwa mifuko 200 na kupata sh. 143,000 kwa mfuko, kwa hiyo 50 ni sh. 7,150,000. Tofauti ni zile sh. 350,000. Bidhaa zilizobaki zikiandikwa kwa thamani kubwa, gharama ya zilizouzwa inapungua na faida inapanda, na zikiandikwa ndogo faida inashuka. Pesa ya kwenye droo ni ileile, na aliyehesabu mifuko alikuta 50 kwa njia zote mbili.

Tena fedha hizo hazikupotea, zilirudi mwezi uliofuata. Aprili bei ilishuka, tukanunua mifuko 100 kwa sh. 137,000, tukauza 110, ikabaki 40. Kwa njia ya zamani gharama ya zilizouzwa Aprili ingekuwa sh. 15,720,000, kwa wastani ni sh. 15,290,000. Safari hii wastani ndio ulioonyesha faida kubwa, kwa sh. 430,000. Ukijumlisha miezi miwili, tofauti iliyobaki ni sh. 80,000 tu, nayo imo ndani ya ile mifuko 40. Waliopiga kelele Machi sikuwasikia Aprili.

Mniruhusu sasa nieleze kwa nini nilisimamia mabadiliko haya, kwa sababu hoja ya kuachana na njia ya zamani niliileta mimi. Njia hiyo si mbaya. Inaacha stoo ikiwa na thamani iliyo karibu na bei ya sokoni, na mahali penye kadi za stoo zinazoandikwa kila siku inafanya kazi safi. Kwetu ilivunjika Januari. Mifuko 70 ilibaki, na yote ikapigwa bei ya ankara mpya ya sh. 130,000, wakati ankara hiyo ilikuwa ya mifuko 30 tu. Ile 40 mingine ilipaswa kufuata ankara iliyotangulia, ya sh. 122,000. Tukajionyesha faida ya ziada ya sh. 320,000 ambayo haikuwepo. Niligundua kwa sababu asilimia ya faida ghafi ya sukari iliruka ghafla ilhali bei ya kuuzia hatukuipandisha. Hiyo ndiyo dalili ya kuangalia kwanza mwisho wa mwezi. Duka linalopokea ankara kwa kuchelewa na lenye mtunza stoo mmoja litarudia kosa hilo.

Mwanachama mmoja alipendekeza tuchukulie kuwa kilichoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Njia hiyo iliondolewa katika Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 2 kwenye marekebisho ya mwaka 2003. Njia zilizobaki kwa bidhaa za aina yetu ni zile mbili za mwanzo. Mwingine alihofu kuwa wastani utafanya sukari ya zamani ikae chini mpaka igande. La hasha. Njia ya kupiga hesabu haiamui mfuko upi ubebwe. Mtunza stoo bado anatoa wa zamani kwanza, na ataendelea hivyo.

Nakiri mambo mawili. Wastani wenyewe una namna mbili. Ukikokotolewa upya kila mzigo unapoingia, na kwa kuwa mifuko 75 iliuzwa kabla ya tarehe 22, ile 50 ya Machi ingekuwa sh. 7,360,000 na si 7,150,000. Tulichagua wastani wa mwezi mzima kwa kuwa hatuna kadi za kuaminika, na uamuzi huo ulipaswa kuandikwa kwenye muhtasari mapema. La pili, bei inaposhuka wastani unabeba bei ya zamani. Mwisho wa Aprili mifuko 40 ilisomeka sh. 139,000 kila mmoja wakati sokoni tungeiuza kwa sh. 138,000. Bidhaa haziruhusiwi kubaki vitabuni kwa zaidi ya zitakachoingiza, kwa hiyo tulikata sh. 40,000. Mkaguzi pia alitutaka tukokotoe upya bidhaa zilizobaki Desemba iliyotangulia ili miaka miwili ilinganishwe kwa njia moja, tukafanya. Hatutabadili tena kwa kufuata upepo wa gawio.

Haya yote yangeelezwa Aprili kama mngekuja. Nilimwita mhasibu, ubao ukaletwa, wakafika wanachama 19 kati ya 84 na akidi haikutimia. Wengi wa waliosema fedha zimeliwa hawakuwepo. Ada nazo zinasikitisha: wanachama 31 wanadaiwa jumla ya sh. 1,860,000, zaidi ya mara tano ya hizo 350,000 zilizotugombanisha. Majina hayatabandikwa, ila naomba walipe kabla ya gawio.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata kompyuta ya duka na pengine mtunza stoo wa pili, na kuangalia uwezekano wa kuanza kuuza mchele. Karatasi za hesabu za Machi na Aprili ziko ofisini, na yeyote anaweza kuja kuzikokotoa mwenyewe siku za kazi kabla ya saa 9 alasiri.

Wenu katika utumishi,
Mwenyekiti