Tarehe ya kuanza upya kwa hesabu ya data: kuilinganisha simu yako na mzunguko wa ankara

Mwezi Aprili alikuja dukani kwetu mama mmoja anayeuza vitenge, akiwa ameshika simu mkononi na ankara ya laini yake ya ofisi ndani ya bahasha. Laini hiyo hulipiwa kila mwezi baada ya matumizi, na kifurushi chake ni cha GB 10. Siku hiyo ilikuwa tarehe 10. Simu yake ilionyesha kwamba ametumia GB 4.1, kwa hiyo alihesabu kuwa amebakiwa na karibu GB 6, lakini alipouliza salio kwenye kampuni ya simu alijibiwa kuwa imebaki GB 1.4 tu. Akatuambia, “Mwanangu, hawa watu wananiibia data.”

Tulimwomba atutolee ankara kwenye bahasha, na jibu lilikuwa humo. Kipindi cha matumizi kilichoandikwa kilikuwa kuanzia tarehe 18 hadi tarehe 17 ya mwezi unaofuata, na mwisho wa kulipa ulikuwa tarehe 28. Kijana wake aliyemwekea mipangilio ya simu alisoma tarehe ya kulipa, ambayo ndiyo huandikwa kwa maandishi makubwa zaidi, akaiweka 28 kuwa siku ya kuanza upya kwa hesabu. Simu ikawa inahesabu kuanzia tarehe 28 Machi, ilhali kampuni ilikuwa imeanza kuhesabu siku kumi kabla yake. Matumizi ya kuanzia tarehe 18 hadi 27 hayakuwa yamepotea wala kuibwa, bali simu ilikuwa imeyaweka katika mzunguko uliopita.

Tuliibadilisha tarehe hiyo kuwa 18 mbele ya macho yake, na papo hapo namba ikapanda kutoka GB 4.1 hadi GB 8.4. Watu wengi hushtuka wanapoona hivyo, wakidhani kwamba kubadilisha tarehe kumekula data. Ukweli ni kwamba simu ya Android huhifadhi kumbukumbu ya matumizi ya kila siku kwa miezi kadhaa nyuma, na unapobadilisha tarehe haifuti chochote, bali huyakata upya matumizi yaleyale kwa mpaka mpya. Ndiyo maana jambo hili linaweza kurekebishwa hata katikati ya mwezi, bila kusubiri ankara nyingine. Na ndiyo njia nzuri ya kupima kama tarehe uliyoweka ni sahihi: ukishaiweka, uliza salio kwa kampuni, kisha linganisha. Upande wa kampuni mama huyu alikuwa ametumia GB 8.6, upande wa simu GB 8.4. Tofauti ndogo ya namna hiyo ni ya kawaida, kwa sababu kila upande una kipimo chake, na kwenye madai ya malipo kinachotumika ni kipimo cha kampuni. Tofauti ikiwa ya GB mbili au tatu, kwanza itilie shaka tarehe.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa simu, tafuta tarehe inayotakiwa. Ankara huwa na tarehe tatu zinazochanganywa: siku ankara ilipotolewa, siku ya mwisho ya kulipa, na kipindi cha matumizi. Simu inataka siku ya kwanza ya kipindi cha matumizi, na hiyo pekee. Ikiwa ankara imeandikwa “18 Machi hadi 17 Aprili”, unaweka 18, si 17, kwa kuwa simu huanza hesabu mpya saa sita kamili za usiku wa kuamkia tarehe uliyoichagua. Kama ankara haionyeshi kipindi waziwazi, piga simu huduma kwa wateja uulize swali moja tu: “Kifurushi changu huanza upya tarehe ngapi ya mwezi?” Usiulize tarehe ya bili, maana utatajiwa ile ya kulipa.

Kwenye simu za Android zenye mipangilio ya kawaida, fungua `Settings`, ingia `Network & internet`, kisha `SIMs`, uchague laini inayohusika, halafu `Data warning & limit`. Humo utakuta `Mobile data usage cycle`. Ukiigusa, kitatokea kidirisha chenye namba za siku za mwezi, uchague yako na kuthibitisha. Kwenye Samsung njia ni `Settings`, `Connections`, `Data usage`, kisha `Billing cycle and data warning`, na tarehe huwekwa kwenye `Start billing cycle on`. Watengenezaji wengine huyapanga majina haya kwa namna yao, kwa hiyo usipoyaona, gusa kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya mipangilio uandike `data usage`. Usidhani simu iliyotoka dukani imeshajiwekea tarehe sahihi. Haiijui ankara yako, na hubaki na tarehe iliyojichagulia yenyewe, mara nyingi tarehe mosi au siku laini ilipoingizwa kwa mara ya kwanza.

Simu ya laini mbili hutunza mzunguko wa kila laini peke yake. Ukiweka tarehe 18 kwenye laini ya ofisi, laini ya binafsi haibadiliki, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kurekebisha laini isiyohusika. Angalia jina la laini juu ya ukurasa kabla ya kuthibitisha. Kumbuka pia kwamba simu haiwezi kuhesabu kilichotumika nje yake. Kama laini hiyo ilikaa wiki nzima kwenye modemu, au kama simu ni mpya na laini umeihamishia humo katikati ya kipindi, basi mzunguko wa kwanza utasoma pungufu hata kama tarehe ni sahihi kabisa. Subiri mzunguko mmoja mzima upite ndipo ulinganishe. Data unayowagawia wengine kwa hotispoti, kwa upande mwingine, huhesabiwa, kwa sababu inapita kwenye simu yako.

Madhara ya tarehe isiyo sahihi huwa makubwa zaidi kwa mtu aliyeweka kikomo. Katika ukurasa uleule kuna vitu viwili vinavyofanana kwa sura lakini kazi zake ni tofauti sana. `Data warning` hukupa onyo tu, na data inaendelea kutembea. `Data limit` huizima data ya simu mara kiwango kinapofikiwa, na haitarudi mpaka mzunguko mpya uanze au uiruhusu mwenyewe. Sasa chukua mfano wa mteja yuleyule wa GB 10, na tuseme ameweka kikomo cha GB 9.5 huku simu ikiendelea kuhesabu kuanzia tarehe 28. Tarehe 18 kampuni inampa GB 10 mpya, lakini simu haijui, inaendelea kujumlisha matumizi ya nyuma. Tarehe 23 hesabu ya simu inafika GB 9.5, na data inazimika, wakati kifurushi kipya hakijatumika hata nusu. Mtu wa namna hii huja dukani akisema simu imeharibika au laini imefungwa. Ukiona data imekatika ghafla, simu za kawaida zinapiga, na ukiuliza salio unaambiwa bado lipo, fungua ukurasa huo kwanza kabla ya kupeleka simu kwa fundi.

Kwa kifurushi cha GB 10, sisi humwekea mteja onyo kwenye GB 8 na kikomo kwenye GB 9.5. Nusu GB iliyoachwa ni kwa ajili ya ile tofauti ya vipimo niliyoitaja, ili kikomo cha simu kifike kabla ya kampuni kuanza kutoza bei ya nje ya kifurushi. Onyo ambalo simu nyingi huja nalo ni la GB 2, na kwa mwenye kifurushi kikubwa hilo humsumbua bila faida mpaka azoee kulipuuza, kisha hulipuuza hata lile la maana.

Yote niliyoeleza yanahusu laini yenye ankara ya kila mwezi. Wateja wetu walio wengi hununua bando la siku 30, na wao inabidi wafahamu kwamba siku 30 si mwezi. Mzunguko wa Android hufuata kalenda, tarehe ileile kila mwezi, lakini bando la siku 30 linarudi nyuma kidogo kidogo. Bando lililonunuliwa tarehe 12 Machi linaisha tarehe 11 Aprili. Ukinunua jingine siku hiyohiyo linaisha tarehe 11 Mei, linalofuata tarehe 10 Juni, kisha 10 Julai, kisha 9 Agosti. Ukiiacha simu kwenye 12, kufikia Agosti itakuwa imechelewa siku tatu nyuma ya bando, na hapo hujahesabu zile nyakati ambazo bando liliisha mapema ukanunua jingine katikati. Hakuna mpangilio wa kawaida wa kuiambia simu “hesabu siku 30”. Ushauri wetu kwa mwenye bando ni kubadilisha tarehe kila anaponunua, palepale ujumbe wa uthibitisho unapoingia, kwa kuweka siku hiyo ya ununuzi. Ikiwa ulinunua saa nne asubuhi, matumizi ya kuanzia usiku wa manane hadi saa nne yataingia kwenye hesabu mpya kimakosa, lakini hayo ni machache. Kwa mabando ya siku moja au wiki, mpangilio huu haufai kabisa, na ni afadhali kutegemea salio la kampuni.

Wenye iPhone nao wana jambo lao. Simu hizo hazina tarehe ya mzunguko ya kuchagua. Mipangilio ya data ya simu huonyesha `Current Period`, ambacho ni kipindi kilichoanza siku hesabu ilipofutwa mara ya mwisho, na kama hujawahi kuifuta, namba hiyo inaweza kuwa ya miaka miwili. Chini kabisa ya ukurasa kuna `Reset Statistics`, pamoja na tarehe ya mara ya mwisho ilipotumika. Weka kikumbusho kwenye kalenda ya simu, kinachojirudia kila mwezi asubuhi ya siku ya kwanza ya kipindi chako, na ufute hesabu asubuhi hiyo. Hapa tofauti na Android ni kubwa: ukifuta siku isiyo yake, hesabu iliyofutwa hairudi, na itabidi usubiri mzunguko ujao.

Jambo la mwisho ni kwa wale ambao kipindi chao huanza tarehe 29, 30 au 31. Android inakubali namba hizo, na mwezi usiokuwa na siku hiyo mzunguko huanzia siku ya mwisho ya mwezi. Kampuni yako huenda ikafanya hivyo au ikasogeza hadi tarehe mosi, kwa hiyo mwezi Februari soma kipindi kwenye ankara upya. Ukituletea simu tukuwekee, njoo na ankara ya mwezi uliopita au ujumbe wa uthibitisho wa bando, na uwe umeshauliza salio la siku hiyo, ili tulinganishe namba mbili ukiwa bado umesimama kaunta.