Ile "umeamkaje" ya mara moja moja

Mwanangu mpendwa,

Dada yako kaniambia huli. Na sababu kaitaja, usimgombeze. Yule binti wa chuoni uliyemweleza yaliyo moyoni hajakubali wala hajakataa, ila mara moja moja anakutumia "umeamkaje", nawe unakesha na simu.

Nikiwa nasomea uuguzi nilimpenda mwalimu mmoja wa Kongwa. Kila wiki nilimwandikia. Katika barua nne alijibu moja. Utadhani zile tatu ndizo zilizonitesa. Hapana baba, ni ile moja. Angenyamaza moja kwa moja ningechoka mapema. Kwa kuwa sikujua jibu litakuja lini, kila siku ilikuwa siku ya kusubiri, na maneno yake "tutaonana Mungu akipenda" niliyachambua kama mchele wa ugeni.

Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, akiwemo Helen Fisher, walichapisha utafiti wa watu 15 waliokuwa wameachwa na bado wanapenda. Waliwapiga picha za ubongo huku wakitazama sura ya aliyewaacha. Sehemu zilizoamka ni pamoja na zile zinazohusika na uraibu wa kokeini. Wale walikuwa wameachwa, wewe hukuwahi kupokelewa, kwa hiyo si kitu kilekile. Ila kiu naitambua. Tena wewe huna hata msiba wa kukaa matanga, maana hakuna kilichokufa. Watu watakuuliza, "Kwani mlikuwa wachumba?"

Binti naye usimchukie. Anayependwa asipopenda huona haya kumuumiza mtu, hivyo hutoa maneno nusunusu. Mwalimu wangu alikuwa hivyo. Siku moja nilipanda basi hadi Kongwa nikamuuliza usoni. Akatazama viatu vyake, akasema, "Nakuheshimu kama dada yangu." Nililia njia nzima mpaka Dodoma, kondakta hakunidai hata nauli.

Wiki tatu za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko kusubiri. Nisikufiche. Baadaye nikaona nimemaliza zamu nzima ya wodini bila kumkumbuka, nikajishangaa. Miezi kadhaa mbele nikamwona mnadani ananunua mbuzi, tumbo likanikata upya kana kwamba sijasogea hata hatua. Safari iliyofuata nilimsalimia, nikaendelea kuchagua nyanya. Wale watafiti nao waliona kwamba kadiri siku zilivyopita, sehemu ya ubongo inayohusiana na kumng'ang'ania mtu ilipungua kuamka.

Kwa hiyo muulize mara moja, waziwazi, ana kwa ana. Akisema hapana, au akizungukazunguka, hesabu ni hapana. Halafu acha kufungua status zake, maana kila ukifungua umeandika barua nyingine. Ila usiku ukiona huna hamu hata ya kuishi, nipigie saa yoyote, hilo halisubiri.

Jumamosi njoo. Zabibu za baba yako zinavunwa na mikono haitoshi. Mlenda utakuwepo, na sitakuuliza kitu mbele ya watu.

Mama yako