Mmea wa ndani ukitolewa nje msimu wa kaskazi

Kaskazi ikishaingia, wateja wetu wengi wa Mji Mkongwe hutoa mimea yao nje. Tunawaelewa. Nyumba za kuta nene za mawe na madirisha membamba zina giza, na mmea uliokaa humo mwaka mzima hurefuka shina, ukainamia dirishani kutafuta mwanga. Lakini ni wakati huohuo ndipo tunapoletewa majani yaliyoungua.

Januari mama mmoja alitujia na mti wake wa mpira. Aliupandisha juu ya paa la saruji Jumamosi asubuhi. Jumapili jioni majani ya juu yalikuwa na mabaka meupe, na siku chache baadaye mabaka yakawa ya kahawia, makavu kama karatasi. Alidhani ni ukungu, akapulizia dawa. Tulipoinua jani la juu tukaona lile la chini yake: pale lilipofunikwa lilikuwa kijani kibichi, na mpaka kati ya kijani na baka ulifuata umbo la kivuli. Hilo ni jua. Ukungu haujali kivuli, na baka lake huendelea kutanuka. La jua hubaki pale pale.

Jani lililokulia gizani ni laini na halina kinga ya mwanga mkali. Likiungua halirudi kuwa kijani, hata ulimwagilie vipi. Usiyakate yote, maana sehemu iliyobaki nzima bado inaulisha mti. Subiri majani mapya, ambayo yatazaliwa yakiwa yamezoea nje.

Namna ya kuuzoesha ni hii. Wiki ya kwanza uweke kwenye kivuli kamili, mahali penye mwanga lakini pasipopigwa na jua. Wiki ya pili uupe jua la asubuhi tu: saa moja mpaka saa mbili kwa siku tatu, kisha mpaka saa tatu. Kwa mpira inatosha kuishia hapo. Kangaga na mimea mingine ya kivulini usiipe jua kabisa, iache kivulini moja kwa moja. Baraza inayotazama mashariki ndiyo mahali bora, kwa kuwa jua likipanda paa linalikinga.

Ukuta wa ua usiuamini sana. Mwishoni mwa Desemba jua la saa sita hupita kusini kwetu, kwa hiyo ukuta wa mita tatu hutoa kivuli cha karibu mita moja upande wake wa kaskazini. Mwanzoni mwa Machi jua liko utosini, na kivuli kile hakipo tena. Chungu ambacho hakikusogezwa huungua mahali palepale kilipostawi miezi miwili.

Kwa kuogopa jua, wengi hukimbilia chini ya mwembe au mpera. Kivuli chake ni kizuri, ila hapo ndipo wadudu wanapotoka. Vidung'ata na magamba huishi juu ya miti hiyo, na maji moto na sisimizi huwalinda kwa sababu wanakula ule utomvu mtamu wanaoutoa. Ukiona majani ya mmea wako yananata, au yana weusi kama masizi unaofutika kwa kidole, tazama juu kwanza. Sisi tunapendelea kibanda cha makuti.

Mimea irudishwe ndani kabla masika haijashika, yaani mapema Machi. Siku ya kurudisha, geuza kila jani na uangalie mahali jani linapoungana na shina. Vidung'ata hujificha hapo, weupe kama pamba. Kisha gongagonga jani juu ya karatasi nyeupe. Vumbi likianza kutembea, huo ni utitiri, ambao hupenda sana ukavu na joto la kaskazi. Chungu kizamishe ndani ya ndoo ya maji kwa robo saa, sisimizi watapanda juu wenyewe.

Halafu osha majani kwa maji, chini na juu, na jioni pulizia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo katika lita moja ya maji. Jaribu jani moja kwanza, na usitumie sabuni ya unga, inachoma majani. Sabuni huua mdudu inayemgusa tu, mayai hubaki, kwa hiyo rudia kila baada ya siku saba, mara tatu. Muda wote huo mmea ukae peke yake, mbali na ile iliyobaki ndani. Wiki tatu ni nyingi, lakini mdudu mmoja aliyefichika anatosha kuijaza sebule nzima.

Ukiwa na shaka, tuletee jani moja lililofungwa kwenye karatasi. Chungu kiache nyumbani, tusije tukawapa wadudu wako miche yetu.