Barua kwa vijana wa Kadutu wenye wanatafuta pesa ya doti

Vijana wetu wa Kadutu, na nyie wa moto hasa, miye ndiye ule muzee mwenye munamuita kwenda kuongea kwa wakwe na nimechoka kuona kijana anafunga ndoa Jumamosi, Jumatatu mwenye banki lamberi ako kwa mlango, juu alikopa dola 100 na mwisho wa mwezi anadaiwa 150.

Tuchukue faktire moja ya hapa Bukavu. Ng'ombe 4, wakwe wamekubali kila moja ihesabiwe dola 400, pamoja na mbuzi na vikwembe vya mama vya 200. Jumla 1.800. Ukiweka 50 kila mwezi ni miaka 3 kamili, basi faktire iombeni mapema, msingoje mpaka tarehe ya ndoa imepangwa!

Sasa hiyo 50 inakaa wapi? Wengi munacheza likelemba, watu 10, unabeba 500. Lakini kila mtu anapigania kubeba wa kwanza, na mwenye kubeba wa kwanza ametoa 50 tu, ile 450 ni deni ya wenzake hata kama hakuna mtu anaiita deni. Omba kubeba wa mwisho, hapo kila dola ni yako. Ubaya wake ni kwamba kama mtu anakimbia, wewe wa mwisho ndiwe unalia. Mwenye atakimbia anajulikana mbele: amekwisha kubeba, kisha anaanza kuleta 30 na maneno mingi. Kama hamujuane vizuri mukuwe watu 5 tu, mzunguko uishe kwa miezi 5, hata ikiharibika hupotezi mingi.

Na mucheze kwa dola, si kwa franka. Mu 2022 dola ilikuwa karibu franka 2.000, mu 2024 ikapita 2.800, mwenye aliweka franka alilipa ng'ombe ileile na franka 40 juu ya kila 100 bila kujua. Ila angalieni noti yenyewe, ikipasuka kidogo pembeni ao ikilowana chini ya matela, cambiste anaikataa ao anakukata.

Ukibeba 500 usiilaze nyumbani, ndugu watasikia na magonjwa yote ya familia yatakuja kwako. Peleka ng'ombe moja kwa wakwe wiki ileile, 100 yenye inabaki, mizunguko 2 ya kwanza, nunua kikwembe ao mbuzi, ile ya mzunguko wa 3 iweke. Mizunguko 3 ni miezi 30 na ng'ombe 3, 300 ya miezi 6 ya mwisho pamoja na ile 100 uliweka inamaliza ya 4. Kila mara muandike karatasi mbili, mashahidi wa pande zote wasini, juu baba mkwe akifa wajomba wanakuja kusema hawakuona kitu (nimeyaona hayo, tulikesha).

Tena, Code de la famille haiombi doti yote iishe: article 361 inasema ndoa inaweza kufungwa kama doti imetolewa hata sehemu. Kwa hiyo ng'ombe ya 3 ikifika, nitumieni miye nikaulize wakwe kama commune inaweza kwenda mbele na ya 4 ifuate.