Mwanangu anajua kusema shikamoo, lakini mwili wake unasalimu Kijerumani

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Magu, na kwa miaka kadhaa sasa ninaishi na familia yangu Würzburg, katika jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, mji ambao watu wengi wa Mwanza wanaufahamu kwa sababu miji hii miwili ina undugu rasmi tangu mwaka 1966. Kazi yangu ni uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nakuandikia nikiwa Nyegezi kwa dada yangu, tukiwa katika likizo ya kiangazi ya shule za huko, na ninaomba jina langu lisitajwe kwa kuwa jambo hili linamhusu baba yangu mzazi, ambaye wajukuu wake humsomea safu hii kwenye simu.

Tatizo langu ni salamu. Naomba kwanza nieleze zilivyo huko, maana nyumbani nimekuta watu wakiamini kwamba Wazungu hawasalimiani, na ushauri ukijengwa juu ya imani hiyo hautanisaidia. Ukiingia katika chumba cha kungojea daktari, unawasalimu wote waliokaa ingawa humjui hata mmoja, nao wanakuitikia kwa neno moja kisha wanarudi kwenye magazeti yao, na anayeondoka huaga vilevile. Anayeingia ndiye anayeanza, kama ilivyo kwetu. Kazini humsalimu mwenzako vizuri mnapoonana mara ya kwanza asubuhi, lakini mkipishana tena kwenye korido baada ya saa moja inatosha kutikisa kichwa au kutabasamu, kwa sababu ukirudia salamu nzima atadhani umesahau kwamba mmekwisha kuonana. Ikikaribia adhuhuri watu kazini huanza kusalimiana kwa salamu ya mlo, hata kama anayesalimiwa haendi kula. (Hii ilinichekesha sana mwanzoni, na sasa ninaitumia kuliko wao.)

Tofauti yenyewe iko katika mambo mawili, yaani urefu na macho. Kuhusu urefu sina ugomvi na mtu. Sisi tunaanza na habari za asubuhi, tunapita za nyumbani, za watoto, za kazi na za mvua, na hakuna anayetazamia kwamba utajibu kila moja kwa ukweli wote, kwa kuwa nzuri hutangulia na matatizo hufuata baadaye. Huko, mtu akikuuliza hali yako mara nyingi ni kwa sababu mnajuana, naye anaweza kukujibu kwa undani kuhusu goti lake linalouma, hivyo swali hilo haliulizwi ovyo wakati wa kukabidhiana zamu, ambapo dakika ni chache na wagonjwa ni wengi. Nimezoea kuwa mfupi nikiwa kazini na mrefu ninapopiga simu Magu, na wanaosema kwamba nimekuwa na maringo ya Ulaya ni wale ninaowapigia nikiwa kwenye mapumziko ya chakula.

Macho ndiyo yenye kazi. Mimi nilifundishwa, kama wasichana wengine wa Kisukuma wa rika langu, kwamba mbele ya mkubwa unapiga magoti, unatazama chini, unatoa salamu yako na kusubiri, na mkono hutolewa na yeye akitaka, nawe unaupokea kwa wa kulia huku wa kushoto ukiushika mkono wako chini ya kiwiko. Ujerumani nako mkubwa ndiye mwenye haki ya kutoa mkono kwanza, lakini anapoutoa anataka uushike kwa nguvu kidogo, kwa muda mfupi, na umtazame usoni. Usipomtazama, hasemi kwamba una adabu. Anaona kwamba una woga, au unaficha jambo. Msimamizi wangu wa kwanza aliniambia waziwazi kwamba familia za wazee wanaomba muuguzi anayewatazama anapowaeleza hali ya mzazi wao.

Nilichojifunza kwa wazee wenyewe ndicho kilichonipatanisha na kazi hiyo. Mlangoni mwa chumba cha mzee lazima ubishe na usubiri, hata kama unajua kwamba hasikii vizuri, na hapo mimi niliyekua kwa hodi na karibu sikuhitaji somo. Kumwita bibi au mama, jambo ambalo kwetu ni heshima, kwao ni kumshusha, kana kwamba umemfanya mtoto au umejiingiza katika ukoo wake bila kualikwa. Anaitwa kwa jina la ukoo pamoja na neno la heshima, na unazungumza naye kwa nafsi ile wanayoitumia kwa watu wasiozoeana, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu vinginevyo. Kisha, kwa mzee aliyeko kwenye kiti cha magurudumu, hasa aliyepotewa na kumbukumbu, tunafundishwa tusimsalimu kwa nyuma wala kwa kumwinamia kutoka juu. Unakuja kwa mbele ili akuone, unachuchumaa au kupiga goti mpaka macho yako yawe sawa na yake, unamwita jina, unajitaja, na unangoja atulie kabla ya kumgusa. Mara ya kwanza mkufunzi alipotuonyesha, niliona kwamba magoti yangu yalikwisha kuijua kazi hiyo tangu utotoni, na kilichobaki kilikuwa kuinua macho tu. Tangu hapo sijaona kwamba ninaacha mila yangu ninapokwenda kazini.

Nimefika sasa kwenye shida yenyewe, ambayo ni ya watoto.

Tulipohamia huko, mwanangu wa kiume alikuwa mdogo, na alikuwa akikaripiwa shuleni anainamisha uso kama alivyofundishwa nyumbani. Mwalimu wake alituita akatueleza kwamba mtoto hasikilizi. Mimi na mume wangu, ambaye ni mtu wa Ukerewe, tukakaa tukakubaliana kuwafundisha watoto kumtazama mtu mzima usoni, na tukalifanya hilo kwa bidii, na likaleta matunda. Lugha ya nyumbani tuliilinda. Kila Jumapili wanazungumza na babu yao kwa simu ya video, na wote wawili hutoa shikamoo bila kukumbushwa, na mkubwa ameongeza mwangaluka na mwadila, jambo ambalo baba yangu hulisimulia kwa majirani. Simu hiyo huwaonyesha uso tu, na kwa muda wote huo hakuna aliyewaza kuhusu magoti.

Tulipofika Magu mwanzoni mwa Agosti, baba alikuwa ameketi nje pamoja na shangazi yangu na wazee wengine wa ukoo waliokuja kutupokea. Binti yangu, ambaye ana miaka 8, alishuka kwenye gari akaenda moja kwa moja kwa babu yake kwa furaha, akasimama wima mbele yake, akamkazia macho, akanyoosha mkono wake mdogo na kusema, “Shikamoo, Babu.” Neno lilikuwa sahihi na sauti ilikuwa ya upendo, lakini kila kingine kilikuwa cha Würzburg. Baba aliitikia marahaba bila kuupokea ule mkono, kisha akanitazama mimi. Jioni alipobaki na mimi peke yangu aliniambia, “Mtoto huyu ananikagua, kama vile mimi ndiye niliyechelewa kufika.” Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana yaliniingia.

Kesho yake nilimchukua binti kando nikamwonyesha ninavyowasalimu wazee wangu kazini, nikamwambia kwamba kwa babu afanye vivyo hivyo, isipokuwa macho ayashushe na mkono asiutoe mpaka aombwe. Aliigiza vizuri, akafurahi kama mtu anayejifunza ngoma mpya, kisha akauliza mbona kaka yake yeye anainama kidogo tu akiwa amesimama. Nikamjibu kwamba ndivyo wavulana wanavyofanya. Akauliza tena kwa nini, na mimi sikuwa na jibu ambalo mtoto anayekaa dawati moja na wavulana, na kufundishwa kila siku kwamba ni sawa nao, angeweza kulipokea. Tangu siku hiyo anapiga magoti kwa babu, lakini ananitazama mimi kwanza, na babu ameliona hilo pia.

Wakubwa wamegawanyika. Shangazi anasema mambo ni mepesi, wakiwa hapa wafanye ya hapa na wakirudi wafanye ya huko, na kwamba mtoto anayeweza lugha mbili atashindwaje salamu mbili. Mume wangu, ambaye amebaki Ujerumani kwa ajili ya kazi, ananiambia kwa simu kwamba lugha haina uzito wa magoti. Anaogopa kwamba binti akizoezwa kushusha macho kwa wiki hizi, mwezi wa tisa atarudi darasani akiwa na woga ambao tulitumia muda mrefu kuuondoa kwa kaka yake, na kwamba atakuwa amejifunza kuwa woga huo ni wa wasichana peke yao. Mimi nayaona maneno ya wote wawili kuwa na uzito. Ninajua kwamba mtu mzima anaweza kuzigawa salamu kwa mahali na kwa watu, kwa kuwa mimi naishi hivyo, lakini mimi nilianza na moja, nikaijua mpaka mwisho, ndipo nikaongeza ya pili. Wanangu wanazipokea zote mbili kwa pamoja, na ile ya kwetu inawajia kwa wiki chache kila baada ya miaka.

Jambo linanibana kwa wakati. Kabla hatujaondoka, baba ameita kikao cha ukoo cha kutuaga. Wazee watakaa kwa mstari, na watoto watapita mbele yao kusalimu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiulizwa yeye ni wa nani. Sitaki binti yangu apite pale kama mtu anayeadhibiwa, wala sitaki baba yangu aaibike mbele ya ndugu zake kwa mkono ulionyooshwa.

Nimefikiria njia moja, na ndiyo ninayoomba unipimie wewe pamoja na wasomaji wanaozijua desturi za Usukuma kuliko mimi niliyekaa mbali. Kaka yake amesema mwenyewe kwamba yuko tayari kupiga magoti pamoja na dada yake, wakipita wote wawili sambamba, macho chini, mikono wasiinyooshe. Je, wazee wakimwona mvulana wa umri wake amepiga magoti, watalichukua kuwa ni adabu iliyozidi na kulisamehe, au wataona kwamba tumewafanyia mzaha? Na kama ni heri niende kwa baba mapema nimweleze sababu, nimweleze mimi mwenyewe, au nimpitishie shangazi, ambaye kwa desturi ndiye anayeweza kumwambia baba jambo la aina hii?

Wako msomaji,
Mama wa Wawili,
Nyegezi, Mwanza