Makato mawili ya Machi na usiku mmoja wa Januari

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mmoja alilalamika katika ukurasa huu kwamba benki yake humkata fedha usiku wa manane, mara nyingine mara mbili katika mwezi mmoja, kwa jina ambalo hajapata kulisikia. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu yaliyompata yalinipata na mimi mwaka 2025, na nilipoyafuatilia hadi chanzo chake nilikuta benki haina kosa, na kwamba aliyeanzisha mambo yote alikuwa mtu wa dukani kwangu, aliyejiandikisha kwa huduma ya mtandaoni ya kujaribu bure.

Nina duka dogo la uchapishaji hapa Nairobi, na kazi inayotulisha ni kadi za harusi na vijitabu vya mazishi. Asubuhi ya tarehe 31 Machi niliamka nikakuta meseji ya benki: shilingi 2,009 zimekatwa kwenye kadi saa saba na dakika ishirini usiku. Nilipopandisha juu kidogo nikaona nyingine ya tarehe 1 Machi, shilingi 2,011, saa ile ile. Februari ilikuwa tupu kabisa. Nilikwenda benki nikiwa nimekunja uso, na dada wa dirishani, ambaye bila shaka ameshazoea nyuso kama hizo, akaniuliza swali moja tu: "Baba, haya makato yalianza lini?" Sikuwa na jibu.

Swali hilo ndilo lenye uzito. Makato unayoyagundua mara nyingi si ya kwanza, na ukianza kugombana kuhusu yale uliyoyaona leo utazunguka bila kufika. Inabidi urudi nyuma ukifuata jina la mpokeaji na saa ya muamala, wala usitafute kwa kiasi, kwa maana bei imewekwa kwa dola na shilingi hupanda na kushuka. Kwa njia hiyo nilipata makato ya tatu yaliyonipita: shilingi 2,007, tarehe 31 Januari, saa saba na dakika ishirini usiku. Kabla ya hapo jina hilo halikuonekana popote. Hayo ndiyo yaliyokuwa ya kwanza.

Sasa, makato ya kwanza ya huduma inayouzwa kwa "kujaribu bure" hayaangukii siku uliyojiandikisha. Unapojiandikisha unatoa namba ya kadi, kampuni inaihifadhi, na kwa kubonyeza kitufe unakubali mambo mawili kwa pamoja: kutumia bure kwa siku kadhaa, na kulipa siku hizo zikiisha kama hujasitisha. Baada ya hapo hakuna anayekuuliza tena. Kwa hiyo ukishapata tarehe ya makato ya kwanza, hesabu nyuma siku za majaribio, ambazo aghalabu huwa 7, 14 au 30, na siku utakayoangukia ndiyo siku ya kuchunguza nani alikuwa anafanya nini.

Hapo nilikosea mara moja, na kosa lenyewe nalieleza kwa kuwa ni rahisi mno kulifanya. Taarifa ya akaunti niliyochapishiwa ilionyesha yale makato ya kwanza chini ya tarehe 3 Februari, kwa sababu yalifanyika Ijumaa na benki ikayaingiza vitabuni Jumatatu. Nikahesabu nyuma siku 14 nikafika tarehe 20 Januari, siku ambayo hatukugusa chochote. Ni niliporudi kwenye meseji, ambayo hutumwa muamala unapofanyika, ndipo hesabu ilinipeleka tarehe 17 Januari. Usiku wa kuamkia siku hiyo mpwa wangu alibaki dukani akimalizia vijitabu vya mazishi 300 vilivyotakiwa Kirinyaga kabla ya saa mbili asubuhi.

Na meseji ya usiku ule ilikuwepo, haijafutwa: kiasi kidogo cha shilingi 133, sawa na dola moja kwa kiwango cha kadi, kimezuiwa saa saba na dakika ishirini. Hiyo si malipo. Kampuni hujaribu kadi kwa kuzuia dola moja, au hata sifuri, ili ijue kwamba kadi ni hai, kisha huiachilia. Kwa kuwa fedha hizo hazichukuliwi, kwa kawaida hazionekani kwenye taarifa ya mwisho wa mwezi, na ndiyo maana anayetegemea taarifa peke yake hukosa alama ya kwanza kabisa ya mkataba wake. Nilipomwonyesha mpwa wangu alishika kichwa. "Mjomba, ile programu ya kupangia picha! Iliniambia ni bure." Kadi ya duka ilikuwa tayari imehifadhiwa kwenye kompyuta, kwa hiyo hakuhitaji hata kuniamsha.

Lilibaki fumbo la Februari. Ufunguo wake umo katika saa. Kampuni nyingi za mtandaoni huhesabu siku kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Saa saba na dakika ishirini usiku wa kuamkia tarehe 17 Nairobi, kwao ilikuwa bado tarehe 16, saa nne na dakika ishirini usiku. Siku 14 zikawafikisha tarehe 30 Januari, na tarehe 30 ikawa siku ya kutoza kila mwezi. Februari haina tarehe 30, basi wakatoza siku yake ya mwisho, tarehe 28 usiku, ambayo kwetu ilikuwa tayari tarehe 1 Machi. Mwezi uliofuata wakarudi kwenye tarehe 30, yaani tarehe 31 Machi kwetu. Kwao ni mara moja kila mwezi bila kuruka hata mmoja. Kwetu Februari imekwepa na Machi imepigwa mara mbili. Ningeshupalia madai ya kutozwa mara mbili ningeonekana mjinga, na kwa kweli sikuwa mbali.

Kiasi nacho kilinitatiza, maana tovuti yao ilitangaza dola 12.99, ambazo kwa kiwango cha wakati ule cha karibu shilingi 129 hazifiki 1,700. Tofauti ina sehemu mbili. Kwanza kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, ambayo huduma za kidijitali kutoka nje hutozwa hapa Kenya, nayo iliifikisha bei dola 15.07. Kisha benki hubadilisha dola kwa kiwango chake, si kile cha magazetini: shilingi 2,007 ukizigawa kwa 15.07 unapata takriban 133 kwa dola. Hesabu hii ndogo ina faida, kwa sababu ikikubali unajua umempata mpokeaji sahihi hata kama jina kwenye taarifa ni la kampuni mama au limekatwa katikati.

Uthibitisho wa mwisho ulikuwa kwenye barua pepe ya duka, ile tunayopokelea kazi za wateja, katika sehemu ya matangazo ambayo hakuna mtu huifungua. Ankara ya tarehe 31 Januari ilikuwa na namba inayoishia `0002`. Kama hii ni ya pili, ya kwanza iko wapi? Ilikuwepo, `0001`, ya usiku ule wa tarehe 17, yenye jumla ya dola sifuri. Si kila kampuni huhesabu ankara hivyo, lakini inapofanya hivyo ile ya sifuri ndiyo hati yako ya kujiandikisha, na humo mna muda wa majaribio na bei itakayofuata.

Hapa ndipo nilipopata la kulalamikia kwa haki. Kanuni za Visa zilizoanza kutumika Aprili 2020 zinamtaka anayeuza kwa majaribio atume ukumbusho walau siku 7 kabla ya kuanza kutoza, na malipo ya kwanza baada ya majaribio yabebe neno kama `TRIAL` karibu na jina lake ili mwenye kadi aelewe. Sikupata ukumbusho wowote, na makato ya tarehe 31 Januari hayakuwa na neno hilo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inamtaka muuzaji wa mtandaoni ampe mnunuzi nafasi ya wazi ya kukubali, kukataa au kusahihisha kabla ya mkataba. Kwanza nilisitisha usajili ndani ya akaunti yenyewe, kwa maana kufuta programu kwenye kompyuta au simu hakusitishi chochote. Kisha nikaiandikia kampuni, nikataja tarehe zote nne na namba za ankara. Walirudisha malipo ya mwisho tu, na kwa kiwango cha siku ile nikapata shilingi 1,931. Kwa yale mengine mawili nilijaza fomu ya pingamizi benki. Kwa kadi za Visa muda wa pingamizi kwa kawaida ni siku 120, na kwa makato ya Januari siku hizo zingekwisha tarehe 31 Mei. Aliyegundua mwezi wa tano ana siku chache mno.

Njia hii ina mipaka yake. Wengi wetu siku hizi hulipa kwa kadi pepe ya M-Pesa iliyoanza mwaka 2022, na kama M-Pesa haina salio siku ya kutozwa, malipo hukataliwa na kampuni inaweza kurudia kujaribu siku zinazofuata hadi fedha zipatikane. Makato ya kwanza hapo huchelewa, na ukihesabu nyuma siku 14 hutaangukia popote, kwa hiyo tafuta kwanza meseji za kukataliwa. Aliyejiandikisha kupitia Google Play ana kazi nyepesi zaidi: namba ya oda huanza na `GPA`, na kila malipo ya kuendeleza huongezewa mkia, ya kwanza ikiwa `..0`. Ukiona `..2`, basi umeshatozwa mara tatu baada ya majaribio. Kwa wenye aifoni, usisubiri siku ya mwisho ya majaribio, kwani Apple hutaka usitishe angalau saa 24 kabla.

Kwa msomaji mwenzangu wa wiki iliyopita: barua yako inasema makato mawili yako yalikuja tarehe 1 na tarehe 31 ya Machi. Tazama meseji za usiku wa kuamkia tarehe 31 Januari.

Mchapishaji,
Nairobi