Barua ya wazi kwa Afisa Kazi: mgomo wetu ulikuwa halali, mbona nimefukuzwa?

Ndugu Afisa Kazi, shikamoo.

Nakuandikia hadharani maana barua zangu mbili hukuzijibu na Jumatatu hii nimefukuzwa kazi. Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye shamba la chai huku Nyanda za Juu Kusini, nimechuma hapa miaka 11. Wameandika nimeongoza mgomo haramu na nimetoroka kazini siku 2.

Uharamu uko wapi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 tumeifuata. Tulidai nyongeza kwa kilo ya majani mabichi, huo ni mgogoro wa maslahi, siyo malalamiko ya haki ambayo hayagomewi, yanaamuliwa na Tume au mahakama. Tukajaza fomu tukapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, siku 30 za usuluhishi zikaisha meneja hajaongeza hata shilingi. Chama kikaitisha kura, tulipigia kwenye karatasi nilizochana daftari la mwanangu, walipiga watu 212 na 163 wakasema tugome, na sheria inataka wengi wa waliopiga. Halafu notisi ya saa 48, nimeipeleka mwenyewe Jumatatu saa 2 asubuhi karani akagonga muhuri, nakala ninayo, imelowa ukungu ila muhuri unasomeka. Tukagoma Jumatano saa 3. Geti hatukufunga, meneja aliingia na kutoka.

Mshahara wa siku hizo 2 siudai, mwajiri halazimiki kuulipa. Lakini mgomo halali siyo kuvunja mkataba na mtu hafukuzwi kwa huo. Tena kanuni za utendaji bora za 2007 zinasema kiongozi wa chama asianzishiwe hatua za nidhamu kabla chama hakijaarifiwa na kushirikishwa, sasa chama kimesikia kutoka kwangu mimi nikiwa na barua mkononi! Nadhani walinichagua mimi ili wengine waogope, na wameogopa kweli, jana mama tunayechuma naye mstari mmoja hakuitikia salamu yangu kwa sababu nyapara alikuwa anaangalia.

Tume nitaenda kwa hili la kufukuzwa, nilikuwa na siku 30 zimebaki 26. Ila wewe mwezi wa pili ulisimama pale kwenye mzani wa majani ukasema tukikuita utakuja. Siku ya mgomo lori lilileta vijana wachume badala yetu, kitu ambacho sheria inakataza, nikakupigia mara 4 hukupokea. Nyumba ya kambi natakiwa niiachie mwisho wa mwezi, mtoto yuko kidato cha pili.

Njoo shambani Afisa. Daftari la mahudhurio la Jumatano ile lina majina ya wale vijana, lichukue kabla halijaandikwa upya. Njoo wiki hii, naomba.